Mbiu ya Mgambo Ndani ya Kichupa cha Chanjo

Mwanzoni mwa mwaka 1997 watafiti wa taasisi ya jeshi la Marekani ya Walter Reed, pamoja na kampuni ya dawa ya SmithKline Beecham, walichapisha matokeo ya jaribio dogo ambalo mimi huliona kuwa miongoni mwa majaribio yenye mafunzo makubwa katika historia ya malaria. Watu wazima wenye afya, ambao hawakuwahi kuugua malaria, walichanjwa kwa hiari yao. Kisha wakakubali kuumwa na mbu waliobeba vimelea vya malaria, huku madaktari wakipima damu yao kwa hadubini na dawa zikiwa tayari pembeni.

Waliochanjwa waligawanywa katika makundi matatu, na protini waliyodungwa ilikuwa ileile katika makundi yote. Kilichotofautiana ni kile protini hiyo ilichochanganywa nacho. Katika kundi la kwanza, la watu 8, walioambukizwa walikuwa 7. Katika kundi la pili, la watu 7, waliambukizwa 5. Katika kundi la tatu, nalo la watu 7, aliyeambukizwa alikuwa mmoja tu. Watu 6 ambao hawakuchanjwa kabisa waliambukizwa wote.

Ni makundi madogo, lakini tofauti kati ya 7 kwa 8 na 1 kwa 7 si jambo la kupuuzwa. Kama protini ndiyo iliyokuwa ikifundisha mwili adui anafananaje, basi watu wote hawa walipata somo moja. Mbona wengi wao hawakulishika?

Protini yenyewe haikuwa na kasoro. Kimelea cha malaria, mbu anapokiingiza mwilini pamoja na mate yake, huwa kimevikwa koti la protini ya aina moja iliyojirudia mara nyingi. Watengenezaji walikata kipande cha koti hilo, wakakiunganisha na protini ya juu ya kirusi cha homa ya ini B, kisha wakaviotesha vyote ndani ya hamira, jamii ileile ya hamira tunayotia kwenye maandazi. Zilizotoka ni chembe ndogo za mviringo zenye vipande vya koti la adui juu yake. Chanjo hiyo iliitwa RTS,S. Chembe hizo ni safi, hazina uhai, na haziwezi kumwambukiza mtu malaria wala homa ya ini.

Tatizo lake ni usafi huohuo.

Mwili hupokea vitu vigeni kila siku. Tunakula protini za samaki na maharage, tunavuta vumbi na chavua, na seli zetu wenyewe hufa na kumwaga vilivyomo ndani yake. Kinga ikipigana na kila kigeni tutakufa kwa vita hivyo kabla ya ugonjwa wowote kutufikia. Kwa hiyo, mbali na kuuliza kama kitu ni kigeni, mwili huuliza kama kuna hatari. Waswahili tunasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na kinga yetu huishi kwa kanuni hiyo hasa. Mgeni akipita bila mbiu kulia, seli za ulinzi humtazama na kumwacha aende zake, na mara nyingine hujifunza kumvumilia. Protini iliyosafishwa, ikidungwa peke yake, ni mgeni wa namna hiyo.

Chanjo nyingi za zamani hazikuwa na shida hii kwa sababu mbiu ilikuwa ndani yake tangu mwanzo. Chanjo ya surua ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Kinapozaliana kidogo mwilini, seli hutambua kwamba kuna kirusi. Chanjo ya kifaduro iliyomo kwenye chanjo ya mseto wanayopewa watoto wetu kliniki hutengenezwa kwa bakteria wazima waliouawa, na maganda ya bakteria hao hupiga kelele hata baada ya kufa. Mzazi aliyekesha na mtoto mwenye homa usiku wa siku ya sindano amezisikia kelele hizo. Kadiri wanasayansi walivyozidi kusafisha chanjo, wakibakiza kipande kimoja tu cha adui ili madhara yapungue, ndivyo walivyozidi kuinyamazisha. Ndipo ikabidi sauti irudishwe kwa njia nyingine. Kinachoirudisha wataalamu hukiita ajuvanti, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kusaidia. Kwa Kiswahili neno kichocheo linatosha vizuri, maana kazi yake ni kuchochea.

Vichocheo viligunduliwa kabla mtu yeyote hajajua vinafanyaje kazi. Katika miaka ya 1920 Gaston Ramon wa Taasisi ya Pasteur, Ufaransa, alikuwa akidunga farasi sumu ya dondakoo iliyopunguzwa makali, ili achukue damu yao yenye kingamwili na kutibia watoto. Aliona kwamba farasi waliopata jipu pale sindano ilipoingia ndio waliotoa kingamwili nyingi zaidi. Badala ya kuliona jipu kuwa ajali tu, alianza kulisababisha kwa makusudi, akichanganya dawa yake na vitu visivyo na uhusiano wowote na dondakoo. Kimoja kati ya vitu hivyo kilikuwa tapioka, yaani wanga wa muhogo. Kingamwili zikapanda. Mwaka 1926, huko Uingereza, Alexander Glenny na wenzake walitumia shabu, lile jiwe jeupe ambalo wazee wetu walilitia kwenye mtungi ili tope lizame. Sumu iliyopunguzwa makali iliganda pamoja na shabu, na simbilisi waliodungwa mchanganyiko huo walitoa kingamwili kuliko waliodungwa sumu hiyo peke yake. Chumvi za alumini, jamaa wa shabu, zimo mpaka leo katika chanjo za dondakoo, pepopunda, homa ya ini B na nyingine nyingi, na kwa miongo kadhaa hazikuwa na mwenzake aliyeruhusiwa kwa binadamu.

Maelezo ya wakati huo yalikuwa kwamba shabu huishikilia protini pale ilipodungwa, ikawa inatoka kidogo kidogo. Maelezo hayo hayakumtosha Charles Janeway wa Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1989 alisema hadharani jambo ambalo wenzake walilijua na kulinyamazia: kwamba ukitaka kinga iitikie protini safi ni lazima uichanganye na uchafu fulani, hasa wa bakteria, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Janeway alikisia kwamba seli za kinga ya asili, ile tunayozaliwa nayo, zina vipokezi vinavyotambua alama za jumla za vijidudu, na kwamba bila vipokezi hivyo kuguswa, kinga inayojifunza haiamki.

Ushahidi ulianzia mahali ambapo wengi hawakuutarajia. Mwaka 1996 kundi la Jules Hoffmann, Ufaransa, lilionyesha kwamba nzi wadogo wa matunda wasio na protini iitwayo Toll huliwa na ukungu mpaka wakafa. Mwaka uliofuata Janeway na Ruslan Medzhitov walieleza protini ya jamii hiyo kwa binadamu, na mwaka 1998 Bruce Beutler alionyesha kwamba panya wasioitikia sumu ya maganda ya bakteria wana hitilafu katika kipokezi cha jamii hiyohiyo, kinachoitwa TLR4. Hoffmann na Beutler walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2011 pamoja na Ralph Steinman, aliyegundua seli zenye matawi ambazo ndizo hasa hubeba habari. Janeway alikuwa ameshafariki. Naona ni haki jina lake litajwe kila hadithi hii inaposimuliwa.

Turudi sasa Walter Reed. Kundi la kwanza lilipewa protini pamoja na chumvi ya alumini na kitu kiitwacho MPL. Kundi la pili lilipewa protini katika matone madogo sana ya mafuta yaliyotawanywa majini. Kundi la tatu, lile lililokingwa, lilipewa matone hayohayo pamoja na MPL na kitu cha pili, QS-21. Baadaye matone ya mafuta yaliondolewa, na MPL na QS-21 vikapakiwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta yanayofanana na utando wa seli zetu. Mchanganyiko huo mpya, ulioitwa AS01, ulipolinganishwa na ule wa mafuta ulitoa kingamwili nyingi zaidi, na ndio uliobaki katika chanjo ya malaria.

MPL hutoka kwenye ganda la bakteria wa jamii ya salmonela. Ganda hilo likiwa kamili ni sumu kali, inayoweza kumtia mtu homa kubwa na kushusha shinikizo la damu hata akafa. Lakini ukiondoa fosfeti moja na mkia mmoja wa mafuta, sumu hushuka sana, huku kipokezi cha TLR4 kikiendelea kuitambua alama yake. QS-21 hutoka kwenye gome la mkwilaya, mti wa Chile ambao wenyeji wamekuwa wakitumia gome lake kama sabuni kwa sababu hutoa povu. Povu hilo ndilo linaloeleza faida yake na hatari yake pia. Kitu chenye tabia ya sabuni hutoboa utando wa seli kwa kujishikiza kwenye kolesteroli iliyomo, na QS-21 ikidungwa peke yake huuma na kuharibu chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo vile vifuko vya AS01 vimetiwa kolesteroli yao wenyewe. QS-21 hushikamana nayo mapema na kutulia, kisha hubebwa hadi ndani ya seli zinazohitajika.

Sindano inapoingia msulini, mchanganyiko huu husafiri kwa mifereji ya limfu hadi kwenye tezi za karibu, zile ambazo zikivimba kinenani tunasema mtu ana mtoki. Kwenye ukingo wa tezi kuna seli kubwa zinazomeza kila kinachopita. Zikimeza QS-21, utando wa ndani hutikisika na seli huanza kutoa ishara za hatari. MPL nayo hugusa TLR4 kwenye seli nyingine. Kila kimoja kikiwa peke yake, mwitikio ni wa wastani. Vikiwa pamoja, seli za tezi hutoa kemikali iitwayo intaferoni gama katika saa za mwanzo, na kemikali hiyo huziamsha seli zenye matawi kwa kiwango ambacho hakuna kati ya viwili hivyo kingekifikia peke yake. Ndiyo sababu vimewekwa viwili.

Seli yenye matawi iliyoamshwa hubadilika sura. Ikiwa imelala, huonyesha kipande cha protini iliyokimeza, na ni hicho tu. Ikiamka, pembeni ya kipande hicho huchomoza protini nyingine zinazosema, kwa lugha ya seli, kwamba jambo hili ni la kweli. Seli T inayopita hapo huhitaji vyote viwili. Ikiona kipande bila uthibitisho, hulegea na inaweza kunyamaza kabisa. Ikiviona vyote, huongezeka kwa maelfu, na baadhi yao huwa wasaidizi wa seli B, ambazo ndizo zinazotengeneza kingamwili.

Kazi inayofuata huchukua majuma. Ndani ya tezi hujitokeza vituo ambamo seli B hubadili kidogo umbo la kingamwili zao, tena na tena, kila seli kwa namna yake. Kisha hushindanishwa. Iliyoshika kipande cha adui kwa nguvu zaidi huchukua kingi zaidi, humwonyesha seli T msaidizi, na hupewa ruhusa ya kuendelea. Iliyoshika kwa ulegevu hufa. Kingamwili hunolewa hivyo kama panga kwenye tupa. Wasaidizi wakiwa wachache, vituo ni vidogo na hufungwa mapema. Wakiwa wengi, unoaji huendelea kwa muda mrefu na seli nyingi hufuzu. Ule mwezi mmoja unaotenganisha dozi za mwanzo una maana yake hapa: unoaji unapewa muda, kisha dozi inayofuata inawakuta waliofuzu.

Kwa hiyo kichocheo chenyewe hakitengenezi kingamwili hata moja, wala hakimfundishi mtu malaria ikoje. Hulia kwa siku chache kisha kikanyamaza, na kilichoamuliwa katika siku hizo ndicho huonekana kwenye damu miezi baadaye.

Kwa malaria kiwango hicho cha kingamwili ni suala la dakika. Kimelea kilichoingizwa na mbu kinaweza kufika kwenye ini katika muda wa nusu saa hivi, na kikishajificha ndani ya seli ya ini, kingamwili dhidi ya koti lake hazikipati tena. Hakuna nafasi ya kuanza kutengeneza silaha. Zinatakiwa ziwe zinazunguka kwenye damu tayari, na ziwe nyingi. Magonjwa mengine humpa mtu siku kadhaa kukumbuka somo la zamani, malaria haimpi. Ndiyo maana shabu, iliyotosha kwa dondakoo, haikutosha hapa.

Dozi ya mtoto ina protini mikrogramu 25, MPL mikrogramu 25 na QS-21 mikrogramu 25, ndani ya nusu mililita. Mwaka 2008 matokeo ya watoto wa miezi 5 hadi 17 wa Kilifi, Kenya, na Korogwe, Tanzania, yalionyesha kwamba chanjo yenye AS01 ilipunguza malaria kwa asilimia 53 katika kipindi cha wastani wa miezi minane. Likafuata jaribio kubwa katika nchi saba za Afrika, ambapo Kilifi na Korogwe zilikuwamo tena, pamoja na Bagamoyo, Kombewa na Siaya. Septemba 2019 watoto wa magharibi mwa Kenya walianza kuchanjwa katika utaratibu wa kawaida wa kliniki, uzinduzi ukifanyika Homa Bay.

Muuguzi aliyeipokea chanjo hii alikutana na vichupa viwili vilivyofungwa pamoja. Kimoja kina protini iliyokaushwa ikawa unga mweupe. Cha pili kina maji ya AS01, na maji hayo ndiyo hutumika kuyeyusha unga, yanatoa dozi mbili za kutumiwa ndani ya saa sita. Jambo hili linataka kusisitizwa kwa kila mgeni wa kazi hiyo. Kwenye jokofu la kliniki kuna vichupa vya maji ya kuyeyushia chanjo nyingine, kama ya surua, na mkono uliochoka unaweza kuchukua kisichostahili. Unga utayeyuka, sindano itajaa, mtoto atalia, kadi itaandikwa. Lakini atakuwa amedungwa protini bila mbiu, na hakuna dalili yoyote siku hiyo itakayoonyesha kosa. Njia ya kulizuia ni kutotenganisha vichupa pacha mpaka dakika ya kuchanganya.

Baridi nayo ni adui ambaye haonekani upesi. Tumezoea kuogopa joto, na kibandiko cha kichupa kinachobadilika rangi hutuonya kuhusu joto pekee. Chanjo yenye chumvi ya alumini ikiganda barafu, chembechembe za chumvi hukusanyika kuwa madonge, na protini iliyokuwa imetandazwa juu yake huharibika. Ikiyeyuka, kibandiko hakisemi neno. Ndiyo maana wahudumu hufundishwa jaribio la kutikisa: unachukua kichupa unachokitilia shaka na kingine cha toleo hilohilo ulichokigandisha kwa makusudi na kukiacha kiyeyuke, unavitikisa pamoja, unaviweka mezani na kutazama. Kama machicha ya kichupa chenye shaka yanazama haraka kama ya kile kilichogandishwa, kitupwe. Maji ya AS01 hayana alumini, kwa hiyo jaribio hilo haliyahusu. Yakiganda hutupwa tu.

Upo pia mpaka ambao kichocheo hakivuki. Kelele ileile inayoamsha seli za tezi huleta homa na uvimbe, na katika jaribio kubwa watoto wachache walipata degedege la homa ndani ya juma moja baada ya sindano, zaidi ya walivyopata wenzao wasiopewa chanjo hii. Lilikuwa jambo nadra, lakini mzazi ana haki ya kuambiwa kabla, ili homa ikianza usiku ajue la kufanya. Kipo kichocheo kikali kuliko hivi vyote, kile cha Jules Freund, chenye mafuta na bakteria waliouawa wa jamii ya kifua kikuu. Hutoa kingamwili nyingi mno kwa wanyama wa maabara, na huacha vidonda vinavyokizuia kisitumike kwa binadamu. Ustadi uko katika kupata mwitikio wa kutosha kwa maumivu yanayovumilika, na MPL ni mfano mzuri kwa sababu fosfeti moja na mkia mmoja wa mafuta vilitosha kutenganisha sumu na dawa.

Tena kingamwili hushuka. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36 katika muda wa miaka minne hivi. Bila dozi ya nne ilikuwa asilimia 28. Kingamwili huporomoka haraka miezi ya mwanzo, kisha hupungua polepole, kwa maana seli nyingi zilizofuzu hazipati makao ya kudumu kwenye uboho wa mifupa. Kwa nini chanjo hai ya surua huacha seli zinazodumu miongo mingi, na protini hii yenye kichocheo bora iache chache, ndilo swali linalowashughulisha watafiti sasa. Chanjo ya pili ya malaria, R21, iliyojaribiwa pia Kilifi na Bagamoyo, hulenga koti lilelile la kimelea lakini huja na kichocheo kingine, Matriksi-M, nacho kikitokana na gome la mkwilaya. Nayo huhitaji dozi ya nne, mwaka mmoja baada ya tatu za mwanzo, na mama anayempeleka mtoto wake kliniki kwa dozi hiyo ndiye anayerudisha juu kiwango ambacho kufikia wakati huo kimeshashuka.